Mzee alilipwa pesa za miwa ya mtu mwingine na nyingi ameshazitumia: anapaswa kurudisha kiasi gani?

MwanaButere

Salamu wanajukwaa. Naandika kwa niaba ya mzee wangu, mkulima wa miwa huku Butere, na ningeomba wanaoifahamu sheria ya madai watusaidie kabla muda tuliopewa haujakwisha.

Mwezi wa Machi kampuni inayonunua miwa yake iliweka katika akaunti yake ya benki shilingi 486,000. Alikuwa amevuna tani 41, na kwa hesabu yake, baada ya makato ya uvunaji na usafirishaji, alitarajia kama shilingi 186,000. Hakushtuka sana, kwa sababu kampuni hiyohiyo ilikuwa bado haijamlipa malimbikizo ya msimu wa nyuma, ambayo wakulima wameahidiwa mkutano baada ya mkutano, na siku zile kila mtu sokoni alikuwa akisema kwamba malimbikizo yameanza kutoka. Mzee aliamini kwamba zake zimeingia.

Julai imefika barua. Inasema kwamba karani aliingiza tani 66 za mkulima mwingine kwenye nambari ya mzee, na kwamba arudishe shilingi 300,000 ndani ya siku 14, la sivyo watamshtaki.

Pesa zenyewe zilikwenda hivi. Machi alimaliza mkopo wa chama cha akiba na mikopo kwa shilingi 90,000. Aprili alitoa 40,000 katika harambee ya gharama za hospitali za mpwa wake, na mwezi huohuo akanunua mtamba wa gredi kwa 85,000. Mei alimhamisha dada yetu mdogo kutoka shule ya kutwa hadi shule ya bweni, na karo, sare na sanduku vikala 45,000. Zilizobaki, yaani 40,000, alinunulia mabati mwezi wa Juni. Hakuna hata senti aliyoitumia kwa ulevi au anasa. Je, sheria inamtaka mtu arudishe kitu ambacho hana tena?

JogooMumias

Ndugu, asirudishe chochote. Kosa ni la karani wao, na mwenye kosa hubeba mzigo wake. Mzee hakuiba, hakudanganya, hakuomba kulipwa zaidi. Mbona sisi tukikosea tarehe ya kuomba mbolea hakuna anayetuhurumia? Waache waende mahakamani wakaeleze hakimu uzembe wao. Na kama kuna mtu mwenye haki ya kuja kudai, ni yule mkulima ambaye tani zake 66 zilipotea. Kampuni haijapoteza kitu, kwani ililipa pesa ambazo ingelipa hata hivyo.

WakiliNyalenda

Nimekuwa nikishughulikia madai ya aina hii hapa Kisumu kwa muda, kwa hiyo nitaanza na hoja za Ndugu Jogoo, kwa kuwa ndizo zinazowaponza watu wengi.

Hoja ya kwamba mlipaji alizembea ilikataliwa zamani sana. Katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari ya mwaka 1841, kampuni ya bima ilimlipa mjane fidia ya bima ya maisha ya mumewe ambayo ilikuwa imekwisha nguvu kwa kuwa mumewe hakulipa ada ya mwisho. Wakurugenzi walikuwa wamearifiwa jambo hilo, wakalisahau. Mahakama ilisema kwamba aliyelipa kwa kukosea anaweza kudai pesa zake hata kama alikuwa mzembe kiasi gani, mradi kweli alikosea na hakuwa amekusudia kulipa potelea mbali ukweli uweje. Sababu yake ni kwamba dai hili halimlaumu mpokeaji wala halimwadhibu mlipaji. Linauliza tu kama pesa zilizoko kwa mpokeaji zina msingi wa kubaki kwake. Mzee anaweza kuwa mtu safi kabisa na bado akadaiwa.

Hoja ya pili, ya nani amepoteza, inahitaji kuangaliwa kwa makini. Mkulima mwingine hajapoteza miwa wala dai lake. Bado anaidai kampuni bei ya tani zake 66, na kampuni haiwezi kumjibu kwamba ilikwisha kumlipa mtu mwingine. Kwa hiyo kampuni italipa mara mbili, na zile 300,000 zimetoka mfukoni mwake. Mkulima huyo hana sababu ya kumfuata mzee, kwani hakuna senti yake iliyopita kwa mzee.

Ndiyo kusema mambo matatu ambayo kampuni inapaswa kuthibitisha yamekamilika bila taabu: mzee amenufaika, amenufaika kwa gharama ya kampuni, na manufaa hayo yametokana na kukosea, ambako ni sababu inayotambuliwa na sheria. Nasisitiza hili la mwisho. Hakimu hapimi tu kama matokeo yanamkera. Mdai lazima aonyeshe sababu mahususi, kama kukosea, kulazimishwa, au kulipia kitu ambacho hakikutolewa kabisa. Mkulima aliyeuza miwa yake kwa bei nzuri kuliko jirani yake amenufaika, lakini hakuna sababu ya kumnyang'anya.

Basi vita vyote vya mzee viko katika utetezi, na utetezi wake unaitwa kubadilika kwa hali. Nitarudi usiku, niko barabarani.

DadaKondele

Afadhali uzi huu umefunguliwa. Mimi mwezi uliopita nilituma shilingi 12,000 kwa M-Pesa kwenda nambari isiyo sahihi, kwa kuwa nilibonyeza haraka bila kusoma jina lililotokea kwenye skrini. Nilipeleka ujumbe wa muamala kwa 456 kama inavyotakiwa, nikaambiwa kwamba aliyepokea amekwisha kutoa pesa zote. Nilipompigia alicheka na kusema kwamba ameshazitumia. Sasa nikisoma hapa naogopa. Je, naye ana huo utetezi wa kubadilika kwa hali?

KaraniNakuru

Dada, la hasha. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya nafaka hapa Nakuru, na malipo yaliyopotea njia ndiyo kazi yangu ya kila mwezi. Utetezi huo ni wa mtu aliyetumia pesa akiamini kwa nia njema kwamba ni zake. Mtu anayepokea 12,000 kutoka kwa nambari asiyoijua, hadai mtu yeyote, halafu anakimbia kwa wakala kuzitoa kabla hazijarudishwa, hana imani yoyote ya kutetea. Amezitumia, ndiyo, lakini alizitumia akijua. Dai lako liko palepale, na kama ulizembea ama hukuzembea si hoja, kama alivyosema wakili.

Ila nina swali kwa MwanaButere, kwa kuwa mimi huwa upande wa pili wa barua kama hiyo. Kampuni za miwa hutoa hati ya malipo inayoonyesha tani, bei na makato. Mzee aliipata lini, na aliisoma? Mkulima anayejua kwamba alipakia tani 41, akiona 107 kwenye karatasi, hawezi kusema kwamba hakujua.

MwanaButere

Swali la haki kabisa. Nimemuuliza mzee jioni hii. Hati hizo haziletwi nyumbani, mtu huzifuata katika ofisi ya tarafa, na yeye aliichukua mwishoni mwa Mei pamoja na za majirani wawili. Anasema aliangalia jumla ya chini tu, akaona inalingana na ya benki, akaikunja. Nimeiona leo kwa macho yangu: imeandikwa tani 107, na mahali pa malimbikizo pana sufuri. Lazima niseme ukweli kwamba hata mimi nilinyamaza kidogo nilipoiona sufuri hiyo.

WakiliNyalenda

Nimefika. Kwanza historia kidogo tu, kwa kuwa bila hiyo hesabu haitaeleweka.

Kwa miaka mingi mahakama za Kiingereza zilisita kukubali utetezi huu waziwazi. Mlango ulifunguliwa mwaka 1991 katika kesi ya Lipkin Gorman dhidi ya Karpnale. Mshirika mmoja wa kampuni ya mawakili ya London alikuwa akichota pesa katika akaunti ya wateja na kwenda kuzichezea kamari katika klabu moja. Klabu haikujua. Mawakili waliposhtaki, klabu ilisema kwamba haikubaki na pesa zote alizoleta, kwa kuwa siku alizoshinda ilimlipa. Malodi, waliokuwa ndio mahakama ya juu, walikubali kwamba kila klabu ilipomlipa ushindi wake hali yake ilibadilika kwa nia njema, kwa hiyo iliamriwa kurudisha kile kilichobaki kwake baada ya kutoa ushindi huo, takriban pauni 150,000. Lodi Goff alieleza kwamba utetezi unamsimamia mtu ambaye hali yake imebadilika kiasi kwamba kumwamuru arudishe, au arudishe zote, kungekuwa dhuluma kwake. Na akaonya kwamba kutumia pesa peke yake hakutoshi, kwa sababu pengine mtu angezitumia hivyohivyo hata kama asingelipwa kwa makosa.

Onyo hilo ndilo linalopima kila shilingi ya mzee. Tunauliza: je, bila malipo yale ya makosa angefanya hivi? Na sasa, baada ya kufanya, amebaki na nini mkononi?

Mkopo wa 90,000 hauokoki. Deni lilikuwepo kabla ya Machi, na angelilipa kwa pesa nyingine. Kwa kulilipa, mali yake haikupungua: pesa zilitoka na deni likaondoka pamoja nazo. Tuna mfano wa karibu sana katika kesi ya Scottish Equitable dhidi ya Derby ya mwaka 2001. Bwana Derby alizidishiwa pauni 172,451 za pensheni yake kwa sababu kampuni ilisahau kwamba alikuwa amekwisha kuchukua sehemu. Alitumia kiasi kumalizia mkopo wa nyumba, na mahakama ikakataa kukihesabu. Kilichokubaliwa ni pauni 9,662 tu, ambazo yeye na familia yake walizitumia kuishi vizuri kidogo kuliko ambavyo wangeishi. Ona tofauti ya tarakimu hizo mbili, na bwana huyo alikuwa mwaminifu kiasi kwamba alipoona kiwango kikubwa aliuliza, akaambiwa kiko sawa.

Harambee ni kinyume chake. Zawadi imeondoka na hakuna kilichorudi. Lakini nauliza: mzee kwa kawaida hutoa ngapi kwa ndugu wa karibu aliyelazwa?

MwanaButere

Shilingi 5,000, na kwa shida. Ile 40,000 ilizungumzwa ukoo mzima, hata shangazi akaanza kumwita mheshimiwa.

WakiliNyalenda

Basi 35,000 ni utetezi, na 5,000 angeitoa hata hivyo. Shuleni vivyo hivyo. Kama dada yenu angebaki shule ya kutwa, mngetumia kiasi gani kwa chakula cha mchana na mengineyo?

MwanaButere

Kama 15,000 kwa kipindi hicho.

WakiliNyalenda

Kwa hiyo 30,000 ni gharama iliyozaliwa na malipo yale, na 15,000 sio. Ushahidi wake ni mzuri kwa sababu tarehe ya kuhama inafuata tarehe ya malipo, na shule zote mbili zina risiti.

Mtamba ndipo watu huteleza. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa pesa zimekuwa ng'ombe, hazipo tena. Zipo, zimesimama zizini zinakula majani. Kilichopotea ni tofauti tu kati ya bei aliyonunulia na bei atakayopata leo akilazimika kumuuza. Akiuzwa katika soko la Lubao atafika ngapi?

MwanaButere

Dalali mmoja amesema 70,000, kwa kuwa alipokuja alipata homa ya kupe na amekonda.

WakiliNyalenda

Basi 15,000 ni utetezi na 70,000 bado ni manufaa aliyonayo. Kwa mambo manne haya, jumla ya utetezi ni 35,000 na 30,000 na 15,000, yaani shilingi 80,000. Kama ya mabati hayatasaidia, deni linakuwa 220,000 badala ya 300,000. Sikuyataja mabati kwa sababu sijui yalinunuliwa katika mazingira gani. Juni iko karibu mno na Julai.

JogooMumias

Wakili, kwa heshima zako, hesabu hiyo inamwadhibu mzee mwenye busara. Angekula pesa zote nyama choma Kakamega, asingelipa kitu. Kwa sababu amelipa deni na kununua ng'ombe, anaambiwa alipe. Hiyo ni haki ya namna gani?

WakiliNyalenda

Ndugu Jogoo, hapo umegusa jambo ambalo wanasheria wenyewe hulilalamikia, na sitalipinga moja kwa moja. Ni kweli kwamba mfujaji mwenye nia njema hukingwa kuliko mwekevu. Jibu linalotolewa ni kwamba mwekevu akirudisha habaki pabaya kuliko alipokuwa Februari: deni lake limekwisha, ng'ombe anaweza kuuzwa. Mfujaji akirudisha anaingia katika shimo ambalo hakuwa nalo. Kama jibu hilo linakuridhisha ni juu yako. Mimi huniridhisha kwa ng'ombe kuliko kwa mkopo, maana mkopo ule pengine mzee angeulipa polepole kwa miaka miwili, na sasa anatakiwa kulipa kwa mkupuo mmoja. Mahakama inaweza kulizingatia hilo inapopanga namna ya kulipa, lakini si katika kiasi.

MwalimuKakamega

Naomba kuuliza jambo linalofanana. Mimi nilizidishiwa mshahara kwa miezi saba na mwajiri wangu, na sasa wanakata kila mwezi bila kunipeleka mahakamani. Kama mzee ana haki ya kusikilizwa, mbona mimi nakatwa tu? Na pesa zangu sikununua kitu kikubwa, zilipotea katika unga, nauli na mafuta ya taa. Sina risiti hata moja.

KaraniNakuru

Mwalimu, wewe una sheria yako. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi kilicholipwa kwa makosa zaidi ya mshahara uliostahili, ila makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Angalia hati yako ya mshahara kama wamevuka kiwango hicho ukijumlisha na mikopo. Mzee si mwajiriwa, kwa hiyo kampuni haiwezi kukitumia kifungu hicho kumkata miwa ya mavuno yajayo. Itabidi itazame mkataba wake wa ukulima unasemaje, na mikataba mingi huwa na kifungu cha makato ambacho hakuna anayekisoma wakati wa kutia sahihi.

WakiliNyalenda

Naongeza juu ya risiti, kwa kuwa swali la Mwalimu ni zuri kuliko anavyodhani. Mwaka 2000 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Philip Collins dhidi ya Davis. Wanamuziki wawili walilipwa mrabaha kupita kiasi kwa miaka kadhaa, wakawa wanaishi maisha ya juu kidogo kuliko kipato chao halisi. Hawakuwa na hesabu za kuonyesha senti fulani ilikwenda wapi. Jaji alisema kwamba mtu anayezidishiwa kidogo kidogo kwa muda mrefu hatarajiwi kuwa na daftari, akakadiria kwamba nusu ya ziada hiyo ililindwa na utetezi, na nusu nyingine ikaruhusiwa kukatwa katika mrabaha wa baadaye. Kwa hiyo Mwalimu asikate tamaa, ingawa mzigo wa kuthibitisha ni wake. Mzee hana kisingizio hicho, kwa sababu alipokea mara moja na alitumia kwa mafungu makubwa matano.

KaraniNakuru

Nakubaliana na hesabu, sikubaliani na msingi. Utetezi wote unaning'inia kwenye nia njema, nanyi mmeipita haraka. Mkulima anajua tani zake kuliko anavyojua umri wa watoto wake. Aliona pesa zaidi ya mara mbili na nusu ya alizotarajia, na hakuuliza. Hata mimi mhasibu wa kawaida ningesema kwamba aliamua kutouliza.

WakiliNyalenda

Sikuipita, niliiacha kwa sababu ndiyo ngumu. Kuna mambo mawili yanayochanganywa. Kuzembea kuuliza peke yake hakuondoi utetezi. Baraza la Faragha la London, lililokuwa likisikiliza rufaa za Jamaika, lilisema hivyo mwaka 2001 katika kesi ya Dextra na Benki ya Jamaika, lilipokataa kulinganisha uzembe wa mlipaji na uzembe wa mpokeaji. Hakimu hapimi nani kazembea zaidi. Lakini mtu aliyeshuku, akaona kwamba akiuliza atapewa jibu asilolitaka, akafumba macho, huyo hana nia njema hata kama si mwizi.

Kwa mzee, Machi na Aprili ana maelezo yenye uzito: malimbikizo ya kweli, ahadi za kweli, uvumi uliokuwa umeenea. Kiasi alichokuwa akidai ni muhimu mno hapa. Kama malimbikizo yake yalikuwa 20,000, hakuna atakayeamini kwamba alidhani 300,000 ni hayo.

MwanaButere

Tuna stakabadhi za mizani za msimu ule. Tumezijumlisha, na tukitoa makato kampuni inamdai… samahani, mzee anaidai kampuni shilingi 65,000. Yeye anasema alidhani wamelipa pamoja na riba na fidia ya kuchelewesha, kama mwanasiasa mmoja alivyoahidi mkutanoni.

KaraniNakuru

Sitini na tano na laki tatu. Mnaona?

WakiliNyalenda

Naona, na hakimu ataona pia. Ila ahadi ya riba na fidia mbele ya umati, kama kuna majirani watakaothibitisha kuisikia, si kitu cha kudharau. Hili nalichukulia kuwa lisilo na uhakika: mahakimu wawili wanaweza kumsikiliza mzee huyohuyo na kuamua tofauti. Baada ya kuichukua hati yenye tani 107 na sufuri ya malimbikizo, mwishoni mwa Mei, nafasi yake inapungua sana. Bahati yake ni kwamba shule, harambee na mtamba vyote vilikuwa vimekwisha kulipiwa.

Stakabadhi za mizani zina kazi nyingine. Zile 65,000 ni deni halali la kampuni kwa mzee, na anaweza kuliweka mezani likatwe humohumo katika deni lake, mradi halijapitisha miaka 6 ambayo Sheria ya Ukomo wa Hatua inaruhusu kwa madai ya mkataba. Mimi ningefanya hivyo. Ikiwa 220,000 ndiyo jibu, kilichobaki ni 155,000, na hapo mtamba peke yake anafunika karibu nusu.

DadaKondele

Wakili, haya maamuzi ya Uingereza yanamfunga hakimu wa Kisumu kweli? Na mimi na 12,000 zangu nianzie wapi?

WakiliNyalenda

Hayamfungi, yanamshawishi. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaingiza nchini kanuni za mapokeo ya Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali yetu inavyoruhusu, na maamuzi ya baadaye husomwa kwa heshima tu. Msingi wenyewe wa kutonufaika isivyo haki ulikubaliwa na Mahakama ya Rufaa yetu tangu 1978 katika kesi ya Chase International na Laxman Keshra. Utetezi wa kubadilika kwa hali una njia iliyokanyagwa kidogo zaidi hapa kwetu, na kwa sababu hiyo mzee aueleze kwa ukamilifu, kila fungu na tarehe yake, badala ya kuandika tu kwamba pesa zimekwisha.

Wewe na mzee nyote mnafaa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake ya mwaka 2016 inataja kwa jina madai ya pesa zilizopokewa na kushikwa na mtu mwingine. Kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Chukua taarifa ya M-Pesa inayoonyesha muamala, andika barua fupi ya madai kwanza, kisha ufungue.

Kwa MwanaButere: jibuni barua ya kampuni kabla ya siku 14, mwandike juu yake kwamba ni kwa ajili ya maelewano bila kuathiri haki zenu, mpendekeze 155,000 kwa awamu za mavuno, na mwambatanishe nakala za risiti. Kampuni nyingi hukubali kuliko kulipa wakili. Lakini kabla sijasaidia kuiandika, nieleze mabati.

MwanaButere

Mabati yalinunuliwa tarehe 18 Juni. Tarehe 16 afisa wa nyanjani alimpigia mzee simu. Mzee anasema aliambiwa kwamba kuna tatizo kidogo kwenye akaunti yake na apite ofisini akipata nafasi. Hakupita. Afisa, kwa mujibu wa barua, anasema alimweleza wazi kwamba amelipwa tani za mtu mwingine. Mzee anashikilia kwamba barua ndiyo taarifa rasmi, na barua ilikuja Julai.

KaraniNakuru

Taarifa rasmi si kitu hapo. Kinachohesabiwa ni alichojua, kiwe kimekuja kwa barua, kwa simu au kwa mtoto wa jirani. Siku mbili baada ya simu ile, akiwa na hati yenye tani 107 mfukoni, anakwenda kununua mabati. Mimi kama ningekuwa mwanasheria wa kampuni ningeanza na mabati, niishie na mabati, na nikishayashinda hayo ningemrudisha hakimu kwenye mtamba na harambee nimuulize kama mtu huyu anaaminika.

WakiliNyalenda

Ndiyo hatari yenyewe. Ile 40,000 katika hesabu yangu tayari nimeihesabu kama ya kurudisha, kwa hiyo mzee hapotezi kitu akiiachilia. Akiipigania ataulizwa chini ya kiapo kuhusu simu, na jibu baya kuhusu 40,000 linaweza kuzama na ile 80,000. Ushauri wangu ni barua isiyoyatetea mabati hata kidogo.

JogooMumias

Mimi bado nasema kwamba afisa alete rekodi ya simu hiyo.

MwanaButere

Nimemsomea mzee yote. Kuhusu mtamba amekubali, ingawa mama hajakubali. Kuhusu mabati amesema kwamba hatakiri alichoambiwa na afisa, kwa sababu hakuambiwa. Nitakutumia nakala za stakabadhi za mizani kesho asubuhi, Wakili, pamoja na ule mkataba wa ukulima, kwani nimeupata chini ya godoro na ukurasa wa makato hausomeki kwa sababu ya unyevu.